Dawa ya mitishamba ya mtu mzima haigawanywi kwa kilo za mtoto

*Mtaalamu, mama mkwe wangu huchemsha dawa ya kikohozi yenye majani ya mkaratusi, mchaichai, tangawizi, karafuu na asali. Mume wangu ana kilo 70. Hunywa kikombe cha mililita 250 mara tatu kwa siku na hupata nafuu. Mwanangu ana miezi 8 na kilo 8, na sasa anakohoa. Nimepiga hesabu nikapata kama mililita 28 kila mara, yaani karibu vijiko 6 vya chai. Je, ni salama? Na ni mitishamba gani nisimpe kabisa?*

Dada yangu, hesabu umeipiga sawasawa, lakini usimpe mtoto dawa hiyo, wala vijiko 6 wala kimoja. Nianze na asali, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha upesi zaidi kwamba kilo si kipimo cha kutegemea. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaosababisha ugonjwa uitwao botulizimu. Mtu mzima akizila, bakteria waliokwisha kujaa katika utumbo wake huzizuia zisiote, nazo hupita na kutoka. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka bado hajajenga kinga hiyo. Mbegu huota ndani ya utumbo wake, hutoa sumu, na sumu hiyo hulegeza misuli. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kukosa choo kwa siku kadhaa, kisha kilio kinakuwa hafifu, kunyonya kunakosa nguvu, kope zinalegea na shingo haishiki. Mbegu hizo haziuawi na maji yanayochemka jikoni, kwa hiyo kuichemsha asali pamoja na majani hakumkingi mtoto. Hapa hakuna dozi ndogo iliyo salama, kwa sababu kinachodhuru hakipungui kwa kuzidisha mgao: kikishaingia, huongezeka chenyewe.

Tuseme sasa asali imeondolewa. Bado kikombe unachotaka kukigawa hakijulikani kina nini ndani yake. Mfamasia anapogawa dawa ya maji ya dukani, anajua kila mililita 5 zina miligramu ngapi za dawa yenyewe. Mama mkwe wako anapima kwa gao la mkono na kwa macho. Majani mabichi ya mkaratusi yana mafuta tofauti na makavu, mti mmoja hutofautiana na mwingine, na sufuria iliyofunikwa hubakiza mafuta ambayo katika sufuria iliyo wazi hupotea na mvuke. Mume wako huvumilia tofauti hizo bila hata kuzigundua, kwa kuwa baina ya kiasi kinachomsaidia na kiasi kitakachomdhuru kuna nafasi kubwa. Kwa mtoto wa miezi minane nafasi hiyo ni nyembamba, na kugawa kwa 70 kitu usichokijua ukubwa wake hakukupi kipimo, hukupa tu kitu kidogo zaidi usichokijua.

Hata hivyo, tuchukulie kwamba tunajua kila kilichomo kwa miligramu. Hapo ndipo swali lako linapofika kwenye kiini chake, nami naomba uniruhusu nilieleze kwa mfano wa kitu kinachotokana na mmea na ambacho kimepimwa vizuri sana kwa watoto, yaani kafeini, ile iliyomo katika majani ya chai na katika buni. Mtu mzima akinywa kafeini, ini lake huondoa nusu yake kwa muda wa takriban saa 5, kisha nusu ya iliyobaki kwa saa 5 nyingine, hata kesho yake isalie kidogo mno. Mtoto aliyezaliwa karibuni huchukua siku 3 hadi 4 kuondoa nusu hiyo hiyo, kwa sababu vimeng'enya vya ini vinavyoivunja bado havijaanza kazi, na figo ndizo zinazobaki kuitoa polepole kwenye mkojo. Sasa mpe mtoto huyo kiasi kilichogawanywa kwa kilo zake bila kosa lolote. Siku ya kwanza kafeini katika damu yake itakaribiana na ya mtu mzima, na aliyepiga hesabu ataona amefaulu. Kesho yake, unapompa tena, kama asilimia 80 ya ile ya jana bado imo. Kesho kutwa unaongeza juu ya hizo zote. Ukiendelea kila siku kwa wiki mbili, mwilini mwake mtakuwa na takriban mara tano ya kile ulichodhani unampa, ingawa kila siku ulipima kijiko kile kile.

Ndiyo maana naogopa zaidi dawa za chango wanazopewa watoto katika wiki za mwanzo kuliko dawa ya kikohozi ya mtoto mkubwa. Huo ndio wakati ini na figo ni changa zaidi, na ndio wakati ambao dawa hurudiwa asubuhi na jioni kwa majuma, kwa kuwa mtoto bado analia. Kwa umri huo shauri ni moja tu: maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, pasiwe na maji, chai wala mizizi iliyochemshwa.

Mwanao wa miezi minane tayari huondoa kafeini kwa kasi inayokaribia ya mtu mzima, na huenda ukaona kwamba basi kwake hesabu ya kilo ingefaa. Tatizo ni kwamba vimeng'enya vya ini havikomai kwa pamoja. Kimoja huamka katika wiki za kwanza, kingine baada ya miezi, na kila mmea hutegemea vimeng'enya vyake. Kisha, mtoto akifika umri wa miaka miwili au mitatu, mambo hugeuka: ini lake ni kubwa kuliko la mtu mzima ukililinganisha na uzito wa mwili, na dawa kadhaa huzivunja haraka hata kuhitaji miligramu nyingi zaidi kwa kila kilo. Theofilini, dawa ya pumu, ni mfano unaojulikana sana. Mtoto wa miaka minne huhitaji kwa kila kilo zaidi ya mzazi wake. Kwa hiyo kanuni ya kugawa kwa kilo hukosea kwa kuzidisha katika umri mmoja na kwa kupunguza katika umri mwingine, na kilo hazikwambii uko upande gani. Hata mwili wenyewe haukuundwa kwa uwiano uleule: mtoto mchanga ni maji kwa kadiri ya robo tatu ya uzito wake, ngozi yake ni pana kulingana na kilo zake, na kuta zinazoukinga ubongo dhidi ya vitu vilivyomo katika damu bado hazijakaza.

Vitabu vya zamani vya ufamasia vilikuwa na kanuni za kugawa, na inafaa kuona zinavyogombana. Kanuni ya Clark hugawa uzito wa mtoto kwa kilo 68 hivi za mtu mzima. Kwa mwanao inatoa mililita 29 za kikombe kile, karibu sawa na jibu lako. Kanuni ya Fried, iliyowekwa kwa watoto wachanga, huchukua miezi ya umri na kuigawa kwa 150. Inatoa mililita 13. Mtoto ni yuleyule na kikombe ni kilekile, lakini jibu moja ni zaidi ya mara mbili ya jingine. Leo dozi za watoto zinazoandikwa kwenye karatasi za dawa hazitokani na kanuni hizo. Zinatokana na kupima dawa katika damu ya watoto wa umri mbalimbali. Hata zile zinazoandikwa kwa miligramu kwa kilo ni kilo za watoto wa umri huo waliopimwa, si mgao wa dozi ya mtu mzima. Kwa mitishamba mingi tunayoitumia nyumbani kazi hiyo haijafanywa.

Kuna jambo moja dogo ambalo watu hulisahau. Mililita 28 mara tatu ni mililita 84 kwa siku. Mtoto wa kilo 8 huhitaji kama mililita 800 za vinywaji vyote kwa siku, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nafasi iliyokuwa ya maziwa inachukuliwa na maji ya majani yasiyomlisha, tena wakati ambao ni mgonjwa na anakula kidogo.

Sasa nije kwenye vitu usivyopaswa kumpa kabisa. Sitakutajia kila mmea; nitataja vile ambavyo vimo majumbani mwetu na ambavyo madhara yake yanajulikana.

Kwanza ni mafuta makali yanayokenekwa kwa mvuke: ya mkaratusi, ya karafuu, ya mnanaa, na kafuri, ambayo wengine huiita karafuu maiti. Watu huyachukulia kuwa ni mmea uleule katika chupa ndogo, na hapo ndipo ajali hutokea. Fikiria mafuta ya karafuu, kama yanayokenekwa kwa makonyo na majani kule Wawi, Pemba. Karafuu kavu moja ina uzito wa takriban sehemu moja ya kumi ya gramu, na mafuta ndani yake ni kama asilimia 15 hadi 20. Ili kupata kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo, utahitaji karafuu 300 hivi. Hakuna mama anayeweza kumtafunisha mtoto karafuu 300, lakini mtoto anayetambaa anaweza kumeza kijiko kimoja kutoka chupa iliyoachwa wazi kando ya kitanda. Watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu wamepoteza fahamu, wamepata degedege na ini limeharibika, kwa namna inayofanana na ya mtu aliyezidisha parasetamoli. Kwa mafuta ya mkaratusi, mililita 5 zinatosha kumfanya mtoto azimie, na usingizi mzito unaweza kuanza ndani ya nusu saa. Kafuri ni mbaya zaidi: gramu moja, ambayo hupatikana katika kijiko kimoja cha chai cha mafuta yenye kafuri ya asilimia 20, imewahi kumuua mtoto mdogo, na degedege lake huja bila onyo.

Kupaka nako si salama kwa mtoto chini ya miaka miwili. Mentholi au mafuta ya mkaratusi yakipakwa puani, juu ya mdomo au kifuani karibu na uso, yanaweza kuufanya mwili wa mtoto mchanga ufunge njia ya hewa ghafla, naye akaacha kupumua kwa muda. Mtu mzima huhisi ubaridi puani na kudhani kifua kimefunguka. Mtoto huyo hawezi kuyapangusa mwenyewe. Kuhusu kujifukiza, sihitaji kusema mengi: sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi pamoja na mtoto wa miezi minane ni ajali inayongoja saa yake.

Pili ni muarobaini. Najua heshima yake, na majani yake yana historia ndefu kwa watu wazima. Lakini mafuta ya mbegu zake yamewadhuru watoto wachanga kwa namna iliyoandikwa waziwazi: nchini Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari waliripoti watoto waliopewa mafuta hayo kwa kinywa kwa ajili ya mafua na maradhi madogo kama hayo, wengine kwa kiasi cha kijiko kimoja cha chai tu. Ndani ya saa chache walitapika, wakasinzia, wakapumua kwa kasi na wengine wakapata degedege. Ubongo ulivimba na ini likajaa mafuta. Kosa la hatari hapa ni kwamba dalili hizo zinafanana na malaria kali, na mzazi anayedhani homa imepanda anaweza kuongeza kijiko cha pili cha kitu kilekile kinachomdhuru. Kwa mtoto mdogo nayakataza mafuta ya muarobaini kwa kinywa moja kwa moja, na maji ya majani yake simshauri mtu ampe mtoto wa umri wa mwanao.

Tatu ni sanamaki na shubiri, ambazo hutolewa kwa mtoto asiyepata choo au "kusafisha tumbo." Zote mbili hulazimisha utumbo kujikaza na kumwaga maji na chumvi za mwili. Mtu mzima wa kilo 70 akipoteza lita moja ya maji atachoka na kuona kiu. Mwanao akipoteza nusu lita, amepoteza zaidi ya asilimia 6 ya uzito wake, na hapo macho huzama, mdomo hukauka na utosi hudidimia. Miongozo ya Ulaya ya dawa za mimea huzizuia zote mbili kwa watoto chini ya miaka 12, na sioni sababu ya sisi kulegeza.

Nne ni hina, na hili nalisema hasa kwa wasomaji wa mwambao, Visiwani na Omani. Wapo watu wengi katika maeneo haya ambao kwa kurithi wana upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu, na wavulana huathirika zaidi. Rangi ya hina hupenya ngozi, na kwa mtoto mchanga mwenye upungufu huo hupasua chembe hizo. Unaweza kuona macho na viganja vimegeuka manjano, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, na mtoto amepauka na amelegea, siku moja au chache baada ya kupakwa. Tazama kwamba hapa dawa haikunywewa, na kilo za mtoto hazina neno lolote la kusema. Kinachoamua ni alichorithi. Kama katika ukoo wenu yupo aliyewahi kuwekewa damu baada ya dawa au baada ya kula maharage fulani, mweleze daktari kabla ya kumpa mtoto dawa yoyote.

Mengine nayataja kwa kifupi kwa kuwa sitarajii uyatumie kwa makusudi. Mnanaha, ambao si mnanaa wa chai, hata moshi wake unaotumiwa na baadhi ya wagonjwa wa pumu, humkausha mtoto kinywa, humpanua mboni za macho na kumfanya aweweseke. Mbegu za mbarika zina sumu kali zikitafunwa. Mizizi ya porini ambayo jina lake anajua aliyeichimba peke yake, pamoja na mitishamba ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, isimfikie mtoto kwa hali yoyote. Na chai ya majani ya atemisia haitibu malaria ya mtoto. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi hayo, na saa zinazopotea kwa kuingoja ifanye kazi ndizo ambazo malaria huzitumia kupanda kichwani.

Turudi kwa mwanao anayekohoa. Kikohozi cha mafua kwa mtoto wa miezi minane huondoka chenyewe, na kazi yako ni kumfanya aweze kunyonya na kulala. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi kuliko kawaida, kidogo kidogo. Pua ikiziba, mdondoshee matone mawili ya maji ya chumvi yasiyo na vijidudu, yanayouzwa kwenye duka la dawa, katika kila tundu kabla ya kunyonya. Mchaichai na tangawizi vimo katika chakula cha watu kila siku na si sumu, lakini kwa umri huu havimponyeshi kikohozi, kwa hiyo sioni faida ya kuvipa nafasi ya maziwa. Akitimiza mwaka, asali peke yake inaweza kutuliza kikohozi cha usiku: nusu kijiko cha chai kabla ya kulala.

Jambo utakalolifanya leo jioni ni kuhesabu pumzi zake. Mtoto akiwa ametulia, afadhali akiwa amelala, mfunue tumbo, tazama saa na uhesabu mara ambazo tumbo linapanda kwa dakika nzima, si kwa sekunde 15 kisha ukazidisha, kwa kuwa watoto hupumua bila mpangilio. Kwa umri wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia, na hiyo inahitaji kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akiwa mgumu kuamka, usingoje hata kuhesabu.

Kuhusu mama mkwe, usimwambie kwamba dawa yake ni mbaya, kwa maana mwanawe anaitumia na hajadhurika. Mwambie kwamba kikombe kile ni cha mtu mzima, na kwamba mtoto hajafikisha mwaka wa kuonja asali; wakwe wengi wanalikubali jambo la umri kuliko jambo la vipimo. Na umwombe akuambie bila kuogopa kama alikwisha kumwonjesha. Ikiwa ndivyo, na mtoto yuko mchangamfu, anyonye kama kawaida, nawe umwangalie choo, kilio na nguvu ya kunyonya kwa wiki kadhaa zijazo, maana botulizimu inaweza kuchelewa kujitokeza. Ikiwa amemeza mafuta makali ya chupa, hata kama bado anacheza, mpeleke hospitali mara moja. Usimtapishe, kwa kuwa mafuta yakirudi yanaweza kuingia mapafuni, wala usimnyweshe maziwa ukidhani yanapunguza sumu. Chukua chupa yenyewe uende nayo, na kama ni dawa ya kuchemsha, beba majani yaliyobaki kwenye sufuria, pamoja na saa aliyopewa iliyoandikwa kwenye karatasi.